Barua ya kuomba likizo ya ugonjwa

Lubumbashi, tarehe 11 Juni 2025

Kwa Bwana Mkuu wa Idara ya Wafanyakazi
Nakala: Bwana Msimamizi wa Bohari

KUH: OMBI LA LIKIZO YA UGONJWA, 12 JUNI HADI 2 JULAI 2025

Bwana Mkuu,

Kama kaka yangu alivyowaarifu kwa simu, Jumamosi tarehe 7 Juni nilipasuliwa kidole tumbo kwa dharura. Nimetoka hospitalini leo. Daktari amenipa siku 21 za kupumzika nyumbani, kuanzia kesho. Naomba likizo kwa siku hizo, na siku tatu nilizokosa kazini wiki hii, tangu Jumatatu, ziandikwe kuwa za kulazwa. Nitarudi kazini Alhamisi tarehe 3 Julai.

Picha ya cheti nimeiambatanisha. Muhuri umeangukia juu ya tarehe ya mwisho na haisomeki vizuri, lakini mkihesabu siku 21 tangu tarehe 12 mtafika 2 Julai. Cheti chenyewe kaka yangu atakileta ofisini kesho asubuhi, pamoja na risiti za hospitali.

Najua mwisho wa Juni ndipo tunapohesabu mali ya nusu mwaka, na si wakati wa mtunza bohari kulala kitandani. Fishi za stoki ziko sawa hadi jioni ya Ijumaa tarehe 6, isipokuwa saruji: kamio iliyotoka Kasumbalesa siku hiyo ilishushwa usiku, nami sikuwahi kuiandika. Makaratasi yake ya dwane yamo katika faili ya kijani, droo ya juu. Naomba mifuko ihesabiwe kwanza kabla ya kutolewa hata mmoja. Funguo anazo mwenzangu wa zamu ya mchana. La kuuliza likiwapo, anipigie tu, kuongea hakunichoshi.

Liko jambo jingine ambalo cheti kinalitaja chini kabisa: nisiinue mzigo mzito kwa wiki 6 tangu upasuaji, maana yake hadi 19 Julai. Kwa hiyo nikirudi nitaweza kuandika, kupokea na kuhesabu, ila mfuko wa kilo 50 sitaugusa. Naomba nipewe kijana mmoja wa kunisaidia kwa siku hizo.

Kuhusu mshahara, naomba siku za ugonjwa zihesabiwe kwa kufuata Sheria ya Kazi nambari 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, yaani theluthi mbili ya malipo, na posho ya familia yote, ziingie pamoja na malipo ya Juni. Watoto wako shuleni hadi mwisho wa muhula, na nyumba inanitegemea mimi.

Naomba jibu kwa maandishi. Kaka yangu anaweza kulichukua akileta cheti.

Pokeeni, Bwana Mkuu, salamu zangu za heshima.

Furaha Kabwe
Mtunza bohari
Komini ya Katuba

Viambatanisho: picha ya cheti cha daktari; picha za risiti za hospitali