Mteja Akiikataa Rangi ya Nywele

Haya mabinti, wekeni simu kando kidogo. Msimu wa harusi umefika, na bibi harusi akitoka hapa amenuna, Shela yote itajua kabla ya magharibi.

Akijitazama kwenye kioo akakunja uso, usimwambie "utazoea". Zima draya, keti karibu naye, umuulize: "Dada, ni kipi hasa hukukipenda?" Mwache amalize. Usimtaje mwenzako aliyepaka, hata kama unajua ni yeye. Halafu mpeleke mlangoni aione rangi kwa mwanga wa mchana, maana taa zetu hizi hudanganya.

Ikiwa imetoka rangi ya chungwa, tona ya buluu huituliza; ikiwa ni umanjano, tumia ya zambarau. Ikiwa imekolea weusi, hapo ndipo wengi huharibu: wanapaka rangi nyepesi juu. Rangi haing'arishi rangi! Itabidi itolewe, na nywele zenye rilaksa zikipigwa blichi kwa pupa hukatika. Muulize pia kuhusu hina. Baadhi ya hina za pakiti zina chumvi za madini, na zikikutana na blichi nywele huweza kupata moto na kuharibika. Jaribu kishungi kimoja kwanza, cha nyuma.

Ngozi ikiwasha au kuvimba, osha mara moja na umpeleke hospitali, rangi itangoja.

Habari ya kurudisha pesa niiteni mimi, msiahidi kitu.

Sasa, nani atakuwa mteja? Njoo ukae hapa, ununie vizuri.