Nyumba Tupu na Ua Lililofunga: Mauti katika Al-Inkishafi na Amina

Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir anapotaka kutuonyesha kifo katika utenzi wake Al-Inkishafi, anatuingiza ndani ya nyumba za mji wa Pate ambazo wenyewe wameshaondoka. Shaaban Robert, katika shairi la kumlilia mkewe Amina, hatuingizi popote. Tunamsikia tu mume akizungumza na mtu asiyeweza kujibu. Washairi wote wawili ni Waislamu wa pwani na imani yao kuhusu kufa na kufufuliwa ni moja. Kwa hiyo tofauti ya mashairi haya haitoki kwenye dini. Inatoka kwa yule anayeambiwa maneno.

Sayyid Abdallah anauambia moyo wake mwenyewe: "Moyo wangu nini huitabiri?" Moyo umeipenda dunia, naye anaukemea kama mzee anavyomkemea kijana mbishi. Ndiyo maana kifo chake kinatisha, na kimekusudiwa kitishe. Anataja wadudu wanaoitafuna miili, sura zilizoharibika, na mwisho majina ya moto wa Jahanamu. Hata anapowaulizia watu wa Pate waliokuwa na enzi, huzuni yake imefungwa ndani ya onyo.

Kwangu mimi, hata hivyo, wadudu hao hawafikii ukali wa yale madaka:

Madaka ya nyumba ya zisahani,
sasa walaliye wana wa nyuni.

Aliyewahi kuingia nyumba ya kale ya Lamu anayajua madaka hayo: vishubaka vilivyochongwa ukutani safu juu ya safu, ambamo vyombo vya kauri vilipangwa vionekane na mgeni. Sasa makinda ya ndege yamelala humo. Tukirudi nyuma kidogo tunafika kaburini, na wenye nyumba wanaelezwa hivi: "Sasa walaliye moja shubiri." Ni maneno yale yale, "sasa walaliye". Ndege wamelala penye sahani, wenye sahani wamelala penye upana wa shubiri moja, bila zulia. Mshairi hahitaji kusema kwamba wamebadilishana malazi.

Umbo nalo linafanya kazi hiyo hiyo. Kila ubeti una mishororo minne ya mizani 11, yenye pumziko baada ya mizani ya sita. Mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne unaishia kwa "-ye" tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi: walitandiye, iwakusiye, wawatatiye. Kwa Kiswahili cha kaskazini, "-iye" hiyo kwa kawaida ni alama ya jambo lililokwisha kutendeka. Basi karibu kila ubeti unafunga mlango kwa kitenzi cha yaliyokwisha. Ukiusoma kwa sauti, unasikia hukumu ikirudi na kurudi, wala hakuna pa kukata rufaa.

Katika "Amina" hakuna maiti. Hakuna sanda wala funza, na sidhani kwamba Shaaban Robert alivisahau. Mtu hamwelezi mkewe jinsi anavyooza. Anachomwambia ni hiki:

Amina umejitenga, kufa umetangulia,
Kama ua umefunga, baada ya kuchanua.

"Umejitenga" na "umetangulia" ni maneno ya msafiri. Halafu linakuja ua, na kitenzi "funga". Mstari wa mwisho wa ubeti unakirudia kitenzi hicho kwa maana nyingine: "Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua." Ua limefunga, huo ni msiba. Mapenzi yamefungwa, hiyo ndiyo salama yake. Neno moja limebeba kufiwa na kuoana, na sijui shairi jingine la Kiswahili linalobana mambo hayo mawili kwa karibu hivyo.

Mizani hapa ni 8 kwa 8, utulivu wa shairi la kawaida linaloimbika. Kinachorudi mwisho wa kila ubeti ni sentensi nzima, tena ya kukana: hapana wa kufungua. Sayyid Abdallah anakubali kwamba yamekwisha, Shaaban Robert anakataa. Kiyama chenyewe, ambacho kwa mwenzake kinafuatwa na moto, kwake ni siku ya kuonana: "Mauti yakijitenga, mapenzi yatarejea." Kitenzi kilichomchukua Amina katika mshororo wa kwanza, kujitenga, sasa kimeangukia mauti yenyewe.

Arubaini ya shangazi yangu, mumewe aliomba asome "Amina". Sauti ilimkatika kwenye ubeti wa pili. Wanawake waliokuwa upande wa pili wa pazia wakaumalizia mshororo, "hapana wa kufungua," na wakaendelea kumwitikia hivyo kila ubeti hadi alipofika mwisho. Al-Inkishafi ninaisoma peke yangu, usiku, milango ikiwa imefungwa.