NOTISI KWA WAPANGAJI: MABADILIKO YA KODI YA NYUMBA

Kwa: Wapangaji wote wa nyumba za kuishi, Ploti ya Mwangaza, Umoja, Nairobi
Kutoka: Mwenye nyumba
Tarehe: Jumatano, 27 Agosti 2025

Habari zenu. Kuanzia tarehe 1 Novemba 2025, kodi ya nyumba zote za kuishi katika ploti hii itabadilika. Mkataba wetu unanitaka niwape miezi miwili kamili ya taarifa, nayo ni Septemba na Oktoba, na katika miezi hiyo mtaendelea kulipa kodi ya sasa. Sikutaka mabadiliko haya yaangukie Desemba wala Januari, kwa sababu najua nauli za kwenda mashambani na karo za shule zinavyowabana watu.

Viwango vipya kwa mwezi, kwa shilingi za Kenya:

Singo: sasa 5,500, itakuwa 6,000
Bedsita: sasa 8,000, itakuwa 8,700
Nyumba ya chumba kimoja cha kulala: sasa 13,000, itakuwa 14,000
Nyumba ya vyumba viwili vya kulala: sasa 18,000, itakuwa 19,500

Msisome hesabu hiyo mkaishia hapo. Zile shilingi 200 za taka ambazo kila nyumba imekuwa ikitoa kando zinafutwa kuanzia siku hiyohiyo, na mimi ndiye nitakayewalipa vijana wa taka kutoka kwenye kodi. Kwa hiyo anayekaa bedsita, ambaye leo anatoa 8,200 kwa jumla, atatoa 8,700. Nyongeza yake halisi ni 500. Wa singo ni 300, wa chumba kimoja cha kulala ni 800, na wa vyumba viwili ni 1,300. Ada ya maji inabaki 400 kwa kila nyumba. Stima kila mtu anaendelea kununua tokeni zake, nami sina mkono humo.

Kwa nini sasa? Kodi ilipandishwa mara ya mwisho Novemba 2022. Tangu hapo, kinachonikausha mfuko zaidi ni maji. Mnajua wenyewe kwamba bomba la mtaa huja kwa zamu, na zamu ikipita bila maji naita boza. Mlizoea kuona boza getini mara mojamoja. Mwaka huu limekuwa kama la ploti. Ile 400 mnayolipa hailipi hata nusu ya gharama, ukiongeza stima ya kuvuta maji hadi kwenye matangi ya juu. Ningeweza kupandisha ada ya maji, lakini ingemwumiza wa singo sawa na wa vyumba viwili, na hilo sikuliona kuwa haki.

La pili ni askari wa usiku na msimamizi. Kima cha chini cha mshahara kilipanda kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024, na kwa kila mfanyakazi natakiwa kulipa pia tozo ya nyumba za bei nafuu, asilimia 1.5 ya mshahara, sawa na ile anayokatwa yeye. Sitaki askari anayelipwa vibaya akilinda watoto wenu na pikipiki zenu.

Kuhusu KRA, wengine wameshaanza kusema kwamba nawapitishia kodi ya serikali. Ile ya mapato ya nyumba za kupangisha, asilimia 7.5 ya kodi ninayopokea, ni mzigo wangu na nitaubeba mwenyewe. Ilishuka kutoka asilimia 10 mwanzoni mwa 2024, kwa hiyo haiwezi kuwa sababu ya kuwapandishia nyinyi. Na nyumba za kuishi hazitozwi VAT. Mtu akiwaambia kuna VAT kwenye kodi yenu, msimpe hata shilingi.

Aliyeingia ploti hii tarehe 1 Juni 2025 au baadaye haguswi na notisi hii. Ataendelea na kodi aliyokubaliana nami hadi mwaka wake utimie, kisha nitampa notisi yake mwenyewe ya miezi miwili. Dipoziti za wote zinabaki kama zilivyo. Sitamwambia mtu yeyote aongeze tofauti.

Maduka matatu ya chini hayamo katika notisi hii. Nyumba za biashara zina sheria yake, Sura ya 301, inayodai fomu maalumu na taarifa isiyopungua miezi miwili, na mwenye duka asiyekubali ana haki ya kwenda kwenye baraza la kodi za nyumba za biashara. Nikiamua kubadilisha kodi zao, nitafuata njia hiyo. Kwa upande wa nyumba za kuishi, ile sheria ya kudhibiti kodi, Sura ya 296, inahusu nyumba ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, na hapa hatuna nyumba kama hiyo. Kinachotuongoza ni mkataba uliotia sahihi. Usome tena, na nakala yako ikipotea, mwombe msimamizi akutolee nyingine. Hutalipia.

Ukiona kodi mpya haikufai na unataka kuhama, sitakukasirikia. Andika notisi ya mwezi mmoja, hata kwa ujumbe wa simu, kisha uhakikishe nimekujibu kuthibitisha kwamba nimeipata. Ukitoka kabla au ifikapo tarehe 31 Oktoba, utakuwa umelipa kodi ya zamani hadi siku ya mwisho. Nyumba tutaikagua pamoja, wewe na msimamizi mkiwa ndani, na dipoziti itarudi kwa simu yako katika siku 14. Nitakata tu kwa kilichovunjika, na nitakuonyesha risiti ya fundi. Rangi iliyochakaa kwa kukaliwa si kosa lako.

Wenye malimbikizo: deni la nyuma ni jambo lingine, tutalizungumza kila mmoja na lake. Notisi hii haibadilishi mpango wowote wa kulipa kidogokidogo ambao tayari tumekubaliana. Na kwa kuwa nasikia yanayofanyika kwenye ploti za jirani, naweka wazi kwamba hapa hakuna mlango utakaopigwa kufuli, wala mabati kung'olewa, wala maji kufungiwa mtu kwa sababu ya kodi.

Malipo yanabaki kwa peibili ileile iliyo kwenye risiti zenu, namba ya nyumba ikiwa ndiyo akaunti, kufikia tarehe 5 ya kila mwezi. Peibili haitabadilika. Ukipata ujumbe wa namba mpya, hata ukiwa na jina langu, ni wa matapeli. Nipigie kabla ya kutuma. Msimpe msimamizi pesa taslimu. Si kwamba simwamini, ila akikuandikia risiti ya mkono na mimi nisione pesa kwenye simu, tutagombana sisi watatu bure.

Mwenye swali, au anayeona nyumba yake haistahili nyongeza kwa sababu kuna ukarabati nilioahidi na haujafanyika, aje kwenye mkutano Jumamosi, 13 Septemba 2025, saa tisa alasiri, juu kwenye paa la kuanikia nguo. Asiyeweza kuja amwachie msimamizi barua kabla ya siku hiyo. Nyumba ambayo ukarabati wake hautakuwa umekamilika kufikia 31 Oktoba itaendelea na kodi ya zamani hadi fundi amalize.

Notisi hii imetolewa kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Karatasi ya Kiingereza imebandikwa kando ya hii, getini na kwenye ngazi ya kila ghorofa, na kila nyumba itapewa zote mbili mkononi. Mkiona mahali zinapotofautiana, fuateni ile inayompendelea mpangaji, mniambie niirekebishe.

Mwenye nyumba
Ploti ya Mwangaza, Umoja
Simu: ileile iliyo kwenye mkataba wako