Kabula wa Julai

Kitambulisho cha taifa cha bibi kinasema amezaliwa tarehe 1 Julai 1942. Shija, aliye darasa la sita, ndiye aliyekisoma kwa sauti siku tulipokuwa tukitafuta kadi yake ya kliniki ya presha.

"Bibi, mbona hatujawahi kukukatia keki?"

"Tarehe hiyo si yangu. Kijana wa kuandikisha aliniuliza, nikamwambia sijui. Akasema, basi tuweke Julai mosi. Nikamwona amechoka, nikamwacha."

Mwaka wenyewe ulitokana na hesabu za baba mkubwa. Yeye alikuwa mgongoni mwa bibi, hajajua kutembea, wakati wa zile mvua za mwaka wa Uhuru, 1961 kuingia 1962, ziwa lilipofura likameza mashamba ya kando ya maji hapa Igombe. Ukimpa bibi miaka kumi na tisa au ishirini siku hizo, unafika hapo hapo 1942. Au karibu na hapo. Bibi akiulizwa umri hujibu, "Nimewazidi nyote," na mjadala unaishia hapo.

Usiku ule kundi la familia la wasap halikulala. Masanja wa Dodoma alitaka tarehe 9 Desemba: ni sikukuu, haombi ruhusa kazini. Minza akasema Krismasi, ili tusafiri mara moja tu, nauli yenyewe tunaijua. Mwingine akaleta Saba Saba. Kila mtu, nikaona, anamtafutia bibi siku ya kumfaa yeye mwenyewe.

Mimi jina ndilo lililonikaa kichwani. Bibi anaitwa Kabula. Kwa Wasukuma, Kabula ni mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua. Sasa Julai huku kwetu ni vumbi na upepo, dagaa wanakauka kwa siku moja. Kabula wa Julai ametoka wapi?

Nikaandika hivyo kwenye kundi. Masanja akajibu, "Sawa wakili. Mvua ipi? Masika au vuli?"

Asubuhi nilimkuta bibi amekaa kwenye kigoda kando ya turubai la dagaa, anachambua, anatupa vijiti na makombe madogo pembeni. Vidole vyake vimepinda lakini haviachi kitu. Nikakaa, nikachambua naye.

"Bibi, mama yako hakukuambia chochote cha siku ile?"

"Aliniambia ya shangazi tu." Akacheka mpaka akaufuta uso kwa ncha ya kanga. "Shangazi alikuwa kwenye kichuguu na ungo wake, anakusanya kumbikumbi. Mama akaanza kuumwa uchungu. Shangazi akaitwa, akaacha ungo, akaja kumzalisha. Kurudi, kuku wamemaliza wote. Mpaka anakufa alikuwa akiniona ananiambia, 'Wewe, unanidai nini tena? Umekula kumbikumbi wangu.'"

Nilisimama na dagaa mkononi. Kumbikumbi! Huku kwetu huwaoni kiangazi. Mvua ya kwanza ikishalowanisha ardhi iliyokauka, ndipo wanapotoka.

Basi kundi likakubali, baada ya manung'uniko: siku ya kuzaliwa ya bibi ni siku ya mvua ya kwanza ya vuli, mwaka wowote itakapoangukia. Masanja akalalamika kwamba bosi wake hawezi kumpa ruhusa ya kusubiri mawingu. Bibi alipoambiwa akasema, "Mwambieni mume wangu akae huko huko, atume pesa ya sukari."

Tulipanga keki ya Jumamosi ya katikati ya Novemba, kwa kubahatisha. Mvua ikaja Jumanne, wiki mbili kabla, saa tisa alasiri, na dagaa wote wako juani. Hakuna aliyekumbuka birthdei. Tulikimbia na maturubai, Shija analia kwa kucheka, bibi anatuelekeza kwa fimbo kutoka mlangoni: "Huko! Huko kwanza!" Nusu ya dagaa walilowa.

Jioni ilipotulia, kumbikumbi wakaanza kuizunguka taa ya barazani. Shija akaweka beseni la maji chini yake, wakaanguka kama mvua nyingine. Nikatuma neno moja kwenye kundi: "Imenyesha." Simu ikalia mfululizo. Masanja alikuwa akiimba, vibaya.

Tuliwakaanga bila mafuta, chumvi kidogo, mabawa yakapeperushwa kwa ungo. Bibi alipewa sahani ya kwanza. Kabla hajala, akachota kiganja kimoja, akakiweka kwenye kisosi, akakisogeza pembeni ya mkeka ambako hakuna aliyekaa.

Shija akanyoosha mkono. Bibi akaupiga kofi dogo.

"Hao wa shangazi. Ananidai."