Nimeelekezwa kwako na Bi. Mwanaidi wa Bwejuu: mwani mkavu

Assalamu alaykum Bi. Salma,

Bi. Mwanaidi wa Bwejuu, anayekuuzia mafuta ya nazi, ndiye aliyenipa anwani yako. Wiki iliyopita aliuona mwani wangu juu ya chanja, akaufikicha mkononi, akaniambia nikuandikie.

Mimi ni Asha, nalima mwani Paje. Kotonii hunifia maji yakipata joto, kwa hiyo nilionao ni spinosamu: kilo 40, mkavu, hauna mchanga, haujanyeshewa mvua. Bi. Mwanaidi anasema unasaga mwani wa sabuni.

Naomba Jumamosi nikuletee kilo moja ya kujaribu, bila malipo. Ukiona haufai, niambie tu kasoro yake. Nitashukuru hata kwa hilo.

Wako,
Asha Khamis
Paje