Maswali kwa Mwasilishaji wa Utendi wa Mwana Kupona

Ndugu mwasilishaji,

Ahsante kwa wasilisho lako la Jumanne. Ulifanya vyema kuzisoma beti kwa Kiamu chake bila kuzisanifisha, na waliokaa nyuma walikuomba urudie si kwa sababu hawakusikia, bali kwa sababu walipenda. Nimepangiwa kuwa mjadili wa kazi yako. Haya hapa maswali yangu, uyapitie kabla hatujakutana tena.

Hoja yako kuu ilikuwa kwamba utendi huu, ambao ni wosia wa mama kwa bintiye juu ya ndoa, ni mwongozo wa utiifu, na kwamba taswira zake zote zinamfunga mwanamke. Utiifu umo, tena umesemwa waziwazi, sikatai. Ninalolitilia shaka ni lile neno "zote".

Taswira

1. Hirizi na kidani uliziita mapambo ya utangulizi, ukapita. Naomba turudi hapo.

Twaa nikupe hirizi
uifungeto kwa uzi

Kisha mama anaahidi kumtungia bintiye kidani "cha lulu na marijani". Hirizi huvaliwa na mtu anayehitaji kinga. Je, hapa binti anakingwa na nini? Mama ameshasema kwamba maradhi yamemshika hata yametimia mwaka, kwa hiyo anazungumza kama mtu asiyetarajia kuwapo siku binti atakapopata shida. Tukiusoma wosia mzima kama hirizi, je, utiifu bado ndio lengo la utendi, au umekuwa kinga anayopewa binti na mzazi anayezijua hatari za ndoa? Na kwa nini kinga hiyo ifuatwe papo hapo na pambo?

2. Hili ndilo swali ninalolijali kuliko yote. Ulinukuu ubeti unaosema mume akitaka mkewe aende peponi ataenda, na akinena aende motoni hana budi atatiwa. Ukanukuu pia:

Keti naye kwa adabu
usimtie ghadhabu
akinena simjibu
itahidi kunyamaa

Ukaishia hapo. Lakini mbele kidogo mume huyohuyo anaelezwa hivi:

Mtunde kama kijana
asoyoyua kunena

Yaani atunzwe kama mtoto mdogo ambaye hajajua kusema. Hizi taswira mbili zinakaaje katika utendi mmoja? Mtu mwenye kauli juu ya pepo na moto anageukaje kuwa mtoto asiye na kauli kabisa? Katika taswira ya kwanza mke ndiye anyamazaye. Katika ya pili, asiyeweza kunena ni mume, na mke ndiye mlezi anayejua haja zake kabla hazijasemwa. Unaweza kunijibu kwamba ulezi nao ni kazi inayomchosha mwanamke, na jibu hilo nitalikubali nusu. Nusu iliyobaki nataka uitolee ushahidi: je, kuna mahali pengine katika utendi ambapo mke anaonekana kuwa ndiye anayejua zaidi?

3. "Ndoo mbee ujilisi, na wino na qaratasi." Binti anaitwa aje aketi na vifaa vya kuandikia. Hukuigusa mishororo hii. Huyu binti anayefundishwa kunyamaza anaitwa kwanza kwenye wino. Unaionaje taswira hiyo ukiiweka kando ya ubeti wa "itahidi kunyamaa"?

Mapigo

4. Ulisema mshororo wa kwanza, "Negema wangu binti", una mizani saba, na ukauhesabu kuwa kasoro. Uhesabu tena kwa sauti: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Ile "n" ya "binti" inabeba mizani yake yenyewe, na jumla ni nane kama utendi unavyotaka. Je, uko tayari kuiondoa kasoro hiyo kwenye andiko lako? Na kuna mishororo mingine uliyoihukumu kwa macho badala ya sikio?

5. Kina cha bahari ulikitaja kuwa -ia. Beti nyingi zinakuunga mkono: "ukazingatia", "kukwambia", "dunia". Lakini "kunyamaa" na "imekaririwa" utaziweka wapi? Mimi naona kinachodumu toka mwanzo hadi mwisho ni -a, na -ia ni mazoea yanayovunjwa mara kwa mara. Swali langu la kweli ni hili: uvunjaji huo una maana? "Kunyamaa" inaangukia penye amri nzito kuliko zote, nayo inamalizia kwa irabu iliyovutwa. Ighani mbele yetu, kisha utuambie sikio lako linasema nini.

6. Katika ubeti wa wino, vina vitatu vya mwanzo ni "ujilisi", "qaratasi" na "hadithi". Uliposoma, ulilegeza "hadithi" ikakaribia "hadisi". Uliamua hivyo kwa makusudi?

Muktadha wa jamii

7. Ulisema Mwana Kupona binti Mshamu alikuwa "mke wa nyumbani". Mumewe, Bwana Mataka, alikuwa mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, mji uliopambana na majeshi ya Sayyid Said wa Zanzibar katika miaka ya 1840. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, na utendi hutajwa kuwa wa mwaka 1858 hivi. Basi aliyetunga ni mjane wa mtawala. Hili linabadilisha nini? Mjane anapofundisha namna ya kuishi na mume, je, anaeleza kanuni au anakumbuka? Na ndoa ya binti wa ukoo kama huo ilikuwa jambo la watu wawili tu, au ilihusu pia heshima na usalama wa ukoo katika mji uliotoka vitani?

8. "Sitangane na watumwa, illa mwida wa khuduma." Mishororo hii haikuwamo kabisa katika wasilisho lako, na pengo hilo limenisumbua. Ulizungumza juu ya mwanamke wa Waswahili kana kwamba alikuwa mmoja. Ndani ya nyumba hiyohiyo walikuwamo wanawake wengine waliotumikishwa, ambao utendi unamkataza binti asichanganyike nao isipokuwa wakati wa kazi. Je, hoja yako ya ukandamizaji inawafikia? Nani anafungwa na nani anafunga, tukiwahesabu na wao? Naomba jibu hili uliandike kwa urefu, hata kama itakubidi upunguze sehemu ya vina.

9. Toleo ulilolitegemea ni la Alice Werner na William Hichens, la mwaka 1934, ambalo jina lake la Kiingereza linauweka mbele wajibu wa mke. Utendi wenyewe unaanza na mama anayemwita binti asikilize wasia, na unataja radhi tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya mume. Mume ni wa tano, ingawa mshairi anaongeza kwamba radhi yake imekaririwa mno. Ni kiasi gani cha hoja yako kimetoka kwenye beti, na ni kiasi gani kimetoka kwenye jalada?

Kwa swali la pili na la nane ningependa uje na beti mkononi, si muhtasari wake. Mengine unaweza kuyajibu kwa mdomo.