Barua kwa Kocha Baraka kuhusu goti langu

Sinza, Dar es Salaam
14 Oktoba 2024

Kocha Baraka,

Habari za kazi. Nimesikia umemuuliza Mama Farida mbona sionekani, naye akakujibu "goti" basi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu huwa tunakatizana, na hapo jimu muziki haumpi mtu nafasi ya kueleza jambo refu.

Kwenye bonanza la ofisi, viwanja vya Leaders, tulicheza mpira wa pete. Nilidaka pasi nikatua kwa mguu wa kulia, na unajua mchezo ule haukuruhusu kutembea na mpira. Nikageuza mwili kutafuta wa kumpasia, wayo umebaki pale pale. Goti likalia "ko" kwa ndani. Jioni halikuonyesha kitu. Kulipokucha ndipo nikalikuta limejaa, halikunjiki.

Daktari alisema uvimbe unaochelewa hivyo humfanya afikirie gegedu kabla ya kano. Akanilaza, akauvuta muundi kwa mbele, akalikunja goti na kulizungusha. Kano zimeshika vizuri. Kipimo cha MRI kikaonyesha gegedu la upande wa ndani limechanika kidogo, pembeni kabisa. Hiyo ndiyo nafuu yangu: pembeni damu inafika, kwa hiyo panaweza kuunga penyewe, wakati sehemu ya katikati damu haifiki. Upasuaji haupo kwa sasa, ila goti likikwama likakataa kunyooka, nirudi haraka.

Kutembea natembea. Kupanda ngazi naweza, kushuka ndiko kunaniumiza. Daraja la Manzese siku hizi nalishuka kama bibi harusi. Kuchuchumaa siwezi kabisa, na swala nasalia kwenye kiti.

Sasa ombi langu. Sitaki kuacha mazoezi. Daktari mwenyewe amesisitiza nisikae tu, kwa sababu misuli ya paja ikilegea goti linabaki bila wa kulisaidia, na paja la kulia tayari limepungua, hata suruali inaonyesha. Ila programu ya sasa hainifai. Kwa wiki nane hizi naomba uniondolee skwoti za kushuka chini, zile hatua ndefu za kupiga goti, kuruka sanduku, kuruka kamba, na lile zoezi lako la kulala chini na kuruka juu (hilo sitalikumbuka kwa huzuni). Na zumba ya Ijumaa pia, maana ule mzunguko wa ghafla ndio ulionifikisha hapa. Mbio za mchanga za Koko Bichi msinihesabu.

Mtaalamu wa mazoezi tiba amenipa ya kuanzia: kukaza paja mguu ukiwa umenyooka, kuinua mguu ulionyooka nikiwa nimelala, kunyanyua kiuno nikiwa chali, na baiskeli ya mazoezi yenye kiti kilichoinuliwa na uzito mdogo. Baadaye mashine ya kusukuma kwa miguu, lakini goti lisikunjike kuzidi nyuzi 60 mpaka aniruhusu. Karatasi yake nimeiambatanisha, na yuko tayari kuongea nawe. Kifua, mgongo na mabega hakuna aliyeyakataza, kwa hiyo hapo nibane unavyotaka, ilimradi niwe nimekaa au nimelala. Dambeli nzito nikiwa nimesimama bado.

Kuna jambo moja nakuomba ulizingatie zaidi ya hayo yote. Wewe hutuambia tukisikia maumivu tuongeze tano. Kwa misuli nakubaliana nawe, na ndivyo nilivyopungua kilo zangu. Kwa kiungo hapana. Kipimo nilichopewa ni hiki: maumivu yakizidi 3 kati ya 10 nasimama, na goti likiamka limevimba kesho yake, ujue jana tulizidisha, tunapunguza hata kama sikuumia wakati wa zoezi. Nikisema basi, naomba iwe basi, usinihesabie mbele ya darasa. Unajua mimi nikishangiliwa sijizuii.

Kili Marathoni ya Februari, zile kilomita 21 tulizopanga, nimezitoa kichwani. Kama goti litaridhia nitatembea zile 5 na wanangu, na hilo tutaliamua Januari, si sasa.

Kuhusu ada, nimeshalipa hadi Desemba na sidai kurudishiwa. Badala yake naomba vile vipindi vitatu vya darasa la jioni uvigeuze viwe viwili vya peke yangu, asubuhi, wakati mashine hazina foleni. Kama ofisi itataka niongeze kidogo, niambie kiasi.

Jumatano nitapita saa 11 jioni, kabla darasa halijaanza, tukae robo saa na ile karatasi. Kama saa hiyo ina mtu, nitumie ujumbe nije Alhamisi.

Wako,
Mwanaidi (darasa la saa 12 jioni)